Shajara ya karantini: kwa nini barua zetu za Kiswahili zilikuwa zinakamatwa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimekabidhiwa rasmi seva ya barua ya taasisi. Fundi aliyekuwapo ameondoka, na alichoacha ni karatasi moja yenye nywila na maneno "karantini inajiendesha." Haijiendeshi. Saa tatu asubuhi dada wa masijala alinipigia: mwaliko wa kikao kutoka chama cha msingi kimoja ulitumwa Alhamisi, kikao kilifanyika Jumamosi, na kwetu haukufika. Mtumaji ameapa kwamba aliutuma na hakurudishiwa chochote.

Nikaingia kwenye seva. Mwaliko ulikuwepo, umekaa karantini tangu Alhamisi saa nane mchana.

Niandike mpangilio wenyewe ili nisisahau. Tuna sanduku za barua zipatazo 210. Seva ni Debian 12, barua inapokelewa na Postfix, Postfix inamkabidhi amavis, na amavis anamwita SpamAssassin aipe alama. Kila kanuni inayogusa barua inaongeza alama au kuzipunguza. Jumla ikifika 6.31, ambacho ndicho kizingiti Debian inachokuja nacho, barua haiendi kwa mwenyewe, inawekwa karantini, yaani kwenye `/var/lib/amavis/virusmails`. Na kwa kuwa `$final_spam_destiny` yetu ni `D_DISCARD`, mtumaji haambiwi lolote. Hilo lina sababu yake: barua taka nyingi zinaghushi anwani ya mtumaji, kwa hiyo ukirudisha taarifa inamwangukia mtu asiyehusika. Lakini gharama yake ni hii ya leo. Aliyetuma anaamini imefika, aliyetumiwa hajui kama kuna kitu, na mtu pekee anayeweza kujua ni mimi, nikifungua.

Nilivyoangalia, hakuna aliyefungua kwa zaidi ya mwezi. Mafaili yanafutwa yakifikisha siku 30, basi ya zamani yameshakwenda na maji.

Jumanne, 4 Machi

Nimejiwekea utaratibu wa kupitia mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, kabla watu hawajaanza kutoka mapema kwa ajili ya futari. Mwanzoni nilizisoma kwa mpangilio wa muda, nikapoteza saa nzima kwenye dawa za nguvu za kiume na bahati nasibu za Ulaya. Barua iliyokamatwa kimakosa mara nyingi haina alama 25, inakuwa imevuka kizingiti kwa kuchechemea. Kwa hiyo sasa nazipanga kwa alama, ndogo kwanza:

```
find /var/lib/amavis/virusmails -name 'spam-*.gz' -mtime -1 \
  -exec zgrep -H -m1 '^X-Spam-Score:' {} + | sort -t: -k3 -n
```

Zilizo kati ya 6.31 na 9 nazitazama moja moja. Juu ya hapo hadi 15 natazama mtumaji na kichwa cha habari tu. Juu ya 15 napitisha jicho. Mafaili yanayoanza na `virus-` sigusi kabisa katika zoezi hili, hata mtu alie machozi.

Jambo la pili ni faragha. Hizi ni barua za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nimekubaliana na mkuu wangu kwamba naanza na vichwa vya barua tu: nani katuma, kwa nani, seva gani, kanuni zipi zimeigusa. Ninafungua mwili wa barua pale tu vichwa visipotosha kuamua, na nikifungua naandika kwenye daftari. Kwa uzoefu wa siku hizi mbili, vichwa vinatosha mara nyingi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeachilia barua 14 tangu Jumatatu. Amri ni fupi:

```
amavisd-release S/spam-SQx3kV0bT7mA.gz
```

Herufi ya mbele ni folda ndogo ambamo faili limo. Ukijibiwa 250, imekwenda. Mara ya kwanza niliisahau ile folda, nikaambiwa faili halipo wakati nalitazama kwa macho yangu.

Nilichojifunza leo kimenikera. Chama kile cha msingi, ambacho mwaliko wake niliuachilia Jumatatu, leo kimetuma muhtasari wa kikao, nao umekamatwa vilevile. Nilikuwa nadhani, bila hata kujiuliza, kwamba ukiachilia barua kichujio kinajifunza. Hakijifunzi kitu. Kuachilia ni kuipeleka barua ile moja kwa mwenyewe, basi. Sababu iliyoikamata inabaki palepale ikisubiri inayofuata.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaa na muhtasari ule. Huu ndio mstari wenyewe ndani ya vichwa vyake, nimeukata tu uingie hapa:

```
X-Spam-Status: Yes, score=6.6 kill=6.31 tests=[BAYES_99=3.5,
  BAYES_999=0.2, UNWANTED_LANGUAGE_BODY=2.8, MIME_HTML_ONLY=0.1,
  HTML_MESSAGE=0.001, SPF_PASS=-0.001, DKIM_SIGNED=0.1,
  DKIM_VALID=-0.1]
```

Mstari huu unasomeka kama risiti ya dukani. Saini ya DKIM ni halali na SPF imepita, maana yake saini haijaghushiwa, na seva iliyoituma imeruhusiwa na domeini yake. Hakuna orodha yoyote ya wahalifu iliyoitaja seva yao. Vitu viwili tu ndivyo vilivyoifikisha barua hapo: alama 3.7 kutoka Bayes, kichujio cha takwimu, na 2.8 kutoka `UNWANTED_LANGUAGE_BODY`, yaani lugha isiyotakiwa.

Lugha isiyotakiwa! Barua ni ya Kiswahili sanifu, imeandikwa na katibu mwenye adabu zake, inaanza na "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu."

Nikafungua `/etc/spamassassin/local.cf`. Huu hapa mstari: `ok_languages en`. Kigezo hiki kinatumiwa na programu-jalizi ya TextCat, ambayo haiji ikiwa imewashwa. Mtu aliiwasha makusudi kwenye `v310.pre`, pengine akifuata mwongozo ulioandikwa na mtu wa nchi ambako barua isiyo ya Kiingereza ni ya kutiliwa shaka. TextCat inakisia lugha kwa kuangalia vipande vya herufi vinavyojirudia, ikishindwa kuamua inataja lugha kadhaa, na mojawapo ikiwa kwenye orodha barua inasalimika. Kiswahili inakijua vizuri, alama yake ni `sw`. Haikukosea hata kidogo: iliulizwa kama hiki ni Kiingereza, ikajibu hapana.

Hapo nikaelewa pia kwa nini malalamiko hayakuwa mengi zaidi. Wengi wetu ofisini tunaandika mseto, "nimeattach report, naomba feedback," na ule mseto unapita. Waliokuwa wanaumia ni wanaoandika barua ndefu na safi: makatibu wa vyama, ofisi za kata, wazee wa bodi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuja ofisini kwa sababu usingizi umekataa. Suala la lugha limeelezeka, lakini Bayes je? `BAYES_99` maana yake kichujio cha takwimu kina uhakika wa asilimia 99 kwamba barua ni taka. Kinajifunza kutokana na barua kinazoonyeshwa, kwa hiyo kama kinaona hivyo kuna mtu alikifundisha. Nikakiuliza kinaogopa maneno gani:

```
zcat S/spam-SQx3kV0bT7mA.gz | sudo -u amavis spamassassin -D bayes -t 2>&1 | grep token
```

Inatoa kila neno na uwezekano wake wa kuwa la taka. "mkutano," "wajumbe," "tajwa," "ofisi" na "nakala" yote yalikuwa yamepita 0.98. Hayo si maneno ya matapeli, ni maneno ya masijala.

`sa-learn --dump magic` ikaonyesha barua taka 14,210 zilizofundishwa na nzuri 1,036. Uwiano huo ulinifanya nitafute kwenye kroni, ratiba ya kazi zinazojiendesha, na huko nikamkuta mchawi. Kila usiku saa saba:

```
0 1 * * * amavis sa-learn --spam /var/lib/amavis/virusmails
```

Yaani kila kilichokamatwa mchana kinafundishwa usiku kuwa ni taka, bila mtu kukiangalia. Sasa picha imekamilika. Mwanzoni kabisa kanuni ya lugha peke yake haikutosha kukamata barua, ni 2.8 tu. Lakini ilitosha kuisukuma barua yenye kasoro nyingine mbili tatu. Hiyo ikakamatwa, usiku ikafundishwa, na maneno yake ya Kiswahili yakachafuka kidogo. Kesho yake barua ya Kiswahili yenye kasoro pungufu ikakamatwa, nayo ikafundishwa. Baada ya miezi kadhaa haikuhitajika kasoro yoyote. Kiswahili chenyewe kilitosha. Nimefuta mstari ule wa kroni kabla hata ya kuchemsha chai.

Jumatatu, 10 Machi

Mjadala na mwenzangu wa mitandao. Yeye alikuwa na suluhisho la dakika moja: pandisha kizingiti kutoka 6.31 hadi 8, muhtasari wenye 6.6 unapita, tumemaliza. Nikamwonyesha orodha ya wiki iliyopita. Barua 412 zilikamatwa. Kati ya 6.31 na 8 zilikuwamo 96. Nzuri kati yake ni 31, taka ni 65. Tungewafungulia watu wetu barua 65 za utapeli kwa wiki ili kuokoa 31, na sita nyingine nzuri zilizokuwa juu ya 8 zingebaki ndani. Kizingiti kinahamisha barua zote bila kujali kwa nini zimepata alama zile, na kosa letu limo ndani ya kanuni mbili zinazojulikana kwa jina.

Tena hesabu ya barua ile moja ilimtosha. Ondoa kanuni ya lugha, 6.6 inabaki 3.8. Iache kanuni ya lugha lakini Bayes iseme haijui, yaani `BAYES_50` yenye 0.8, inakuwa 3.7. Kurekebisha mojawapo tu kungeiokoa barua hii, lakini zile zenye kasoro za ziada zinahitaji zote mbili.

Nilichobadilisha leo:

```
ok_languages en sw fr
```

Kifaransa ni kwa ajili ya wenzetu wa Bujumbura na Bukavu, ambao nilikuta barua zao mbili humo humo. Kisha `spamassassin --lint`, isiposema kitu ndiyo salama, halafu kuwasha upya amavis. Hili la kuwasha upya ni muhimu: amavis anasoma kanuni anapoanza tu, na nimewahi kukaa nusu siku nikijiuliza kwa nini badiliko langu halifanyi kazi.

Jumanne, 11 Machi

Uamuzi mgumu wa mradi huu: kumbukumbu ya Bayes tuirekebishe au tuifute?

Kurekebisha kunawezekana kwa barua ulizonazo. Ukiipa `sa-learn --ham` barua ambayo zamani ilifundishwa kama taka, inaisahau kwanza kisha inaifundisha upya upande wa pili. Tatizo ni zile zilizofutwa baada ya siku 30. Zimeshafundishwa, mafaili hayapo, na huwezi kusahaulisha barua ambayo huna. Ninazo barua nzuri 37 za wiki moja dhidi ya miezi ya uchafu.

Nimefuta. Kwanza nakala ya akiba, halafu:

```
sudo -u amavis sa-learn --backup > /root/bayes-20250311.txt
sudo -u amavis sa-learn --clear
```

Hiyo `sudo -u amavis` si pambo. Ukifundisha ukiwa `root`, unajaza kumbukumbu ya `root`, ambayo amavis haisomi kamwe. Utaona idadi inapanda na hakuna kinachobadilika.

Bayes haianzi kutoa hukumu mpaka iwe na barua 200 nzuri na 200 taka. Kwa nzuri, nimewaomba watumishi tisa wanaoandikiana sana na vyama, nao wakachagua wenyewe barua za kawaida na kuziweka kwenye folda ya pamoja. Mhasibu mkuu alicheka: "Kwa hiyo kaka, unataka tuifundishe mashine Kiswahili?" Nikamwambia tunataka isahau alichoifundisha mtu mwingine. Nimepata 480. Kwa taka nimechukua zenye alama zaidi ya 15 ambazo nimezipitia kwa macho, 310. Chache, lakini zote nina uhakika nazo.

Alhamisi, 13 Machi

Leo siandiki kuhusu alama. Saa nne mhasibu wa malipo alipiga simu.

"Kaka, ile barua ya mzabuni wa vifaa imeingia huko kwako? Amenipigia, anasema ameituma na sisi tunamchelewesha."

Ipo, alama 7.9. Nikaangalia vichwa. Jina la mtumaji ni la mzabuni tunayemfahamu. Domeini inafanana na yake, ila palipo na herufi `l` kumewekwa namba `1`. Na `Reply-To`, anwani ya kujibia, inaelekea kwenye anwani ya bure isiyo na uhusiano na kampuni yoyote. DKIM ni halali kabisa, jambo linaloweza kukupoteza: saini inathibitisha domeini iliyotia saini, na tapeli aliyenunua domeini yake mwenyewe anaitia saini kihalali kama mtu mwingine.

Nikamuuliza: "Dada, aliyekupigia alitumia namba uliyonayo siku zote?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana. Alisema amebadilisha laini."

Nikamwomba ampigie mzabuni kwa namba iliyo kwenye mkataba. Dakika kumi baadaye akarudi: mzabuni hajatuma kitu wala hajabadilisha laini. Ndani ya barua ile, tulipoifungua wote wawili, kulikuwa na akaunti mpya ya benki.

Kuanzia leo, ombi la kuachilia barua yenye malipo, ankara au akaunti halitoki kwa simu ya aliyetumiwa pekee. Naangalia domeini herufi kwa herufi na `Reply-To`, na kama kuna shaka mwenye idara anampigia mtumaji kwa namba ya zamani. Shinikizo la haraka nalihesabu kama kanuni nyingine yenye alama zake.

Jumatano, 19 Machi

Ombi la leo: idara moja inataka mfadhili wao "awekwe kwenye orodha nyeupe, asikamatwe tena." Fundi aliyetangulia alikuwa na tabia hiyo, nimekuta mistari 60 ya `whitelist_from`. Kasoro ya kigezo hicho ni kwamba kinaamini kilichoandikwa kwenye sehemu ya mtumaji, na hapo yeyote anaandika anachotaka. Kanuni inayofuata inakata alama 100, kwa hiyo tapeli akijua jina moja lililomo humo, amepewa ufunguo wa mlango. Nilizobakiza nimezibadilisha kuwa hivi:

```
welcomelist_auth *@mfano.or.tz
```

Hii inapitisha pale tu SPF au DKIM ikithibitisha. Kati ya 60 nimebakiza 11. Zilizobaki zilikuwa dawa ya maumivu ambayo chanzo chake tumeshakitibu.

Jumanne, 25 Machi

Upande wa pili wa sarafu umeanza kuonekana. Kwa kuwa Kiswahili sasa hakiadhibiwi, matapeli wa Kiswahili nao wanapita. Wiki hii watu wameniletea barua taka 11 zilizofika kwenye sanduku zao, wakati kabla ya mabadiliko zilikuwa tano. Karibu zote ni za mkopo wa haraka bila dhamana.

Ningeweza kuandika kanuni inayokamata neno "mkopo," na kesho yake nikakamata nusu ya barua za vyama vya akiba na mikopo, ambao ndio wateja wetu. Nimeifunga na sharti kwamba mtumaji awe anatumia anwani ya bure:

```
body  __TSS_MKOPO  /mkopo wa haraka|bila dhamana/i
meta  TSS_MKOPO    __TSS_MKOPO && FREEMAIL_FROM
score TSS_MKOPO    0.01
```

Alama 0.01 ni makusudi. Haibadilishi hatima ya barua yoyote, lakini jina la kanuni linaonekana kwenye vichwa. Nitaiacha hivyo siku saba nione inagusa nani, ndipo niipe alama za kweli.

Jumatano, 2 Aprili

Narejea baada ya Idi. Kanuni ya mkopo iligusa barua 19. Kumi na saba ni taka, mbili ni za katibu wa chama fulani anayetumia anwani ya bure kwa sababu chama hakina domeini. Wapo wengi kama yeye vijijini. Nimeipa 1.5 badala ya 3 niliyokuwa nimeikusudia. Barua zake mbili zingebaki chini ya 4, na za matapeli saba kati ya zilizokuwa zimepita zingevuka kizingiti.

Bayes imefikisha nzuri 1,120 na taka 640. Nimeipa tena ule muhtasari wa Machi 6 kama jaribio: sasa ni `BAYES_00`, na jumla yake imeshuka hadi -1.8.

Wiki hii zimekamatwa 371, na nilizoachilia ni nne. Mbili kati ya hizo zinatoka seva ya halmashauri moja ambayo anwani yake haina jina la kinyume kwenye DNS, na hilo haliwezi kurekebishwa upande wetu. Nimempigia fundi wao, akaniambia ombi liko kwa mtoa huduma tangu Januari. Kwa sasa kila siku, saa mbili na saa tisa, natafuta jina lao kwanza.